Printa ya Wafuga Nyuki

Printa ilikuwa imekufa, na Restituta hakujua amekosa wapi. Alibonyeza kitufe cha kuwashia mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Hata taa moja haikuwaka! Na jana jioni, jamani, ilitoa barua bila kusumbua.

"Ni wewe," alisema Mzee Luhende, mwenyekiti wa kikundi cha wafuga nyuki pale Ugalla. "Nani aliishika mwisho? Si wewe katibu?"

"Mzee, niliizima tu."

"Basi umeizima moja kwa moja. Lete ufunguo wa ofisi. Gari la maonyesho ya Mpanda linaondoka saa nane, na asali isiyo na lebo haipokelewi huko. Printa isipowaka mpaka hapo, ukatibu tunampa mtu mwingine."

Ukatibu ule Restituta aliupata kwa kura, wanaume wakimcheka kwamba mwanamke na mizinga wapi na wapi. Leo auache kwa sababu ya kitufe? Alitoa ufunguo. Luhende alivuta droo ya meza yake kidogo tu, akautumbukiza ndani, akafunga haraka na kuketi mbele yake kama anailinda.

Ikabidi aitwe Shadrack, fundi redio wa pale senta. Alifika na baiskeli, mita yake ya kupimia umeme shingoni.

"Tunaanzia nje, dada, tunaingia ndani pole pole," alisema. "Mita ikilia, njia ni nzima. Ikinyamaza, umeme haupiti."

Alichomoa waya wa printa pande zote mbili, akagusisha ncha za mita. Pii! Upande wa pili, pii! Akautikisatikisa, bado ikalia.

"Waya mzima."

Ikafuata adapta, kile kidude kinachofanya plagi ya miguu miwili iingie kwenye soketi ya matundu matatu. Pii, pii. Nzima. Akageukia soketi, akabadili mita isome volti. Mia mbili na ishirini na sita.

Sasa Restituta alichanganyikiwa kabisa. Waya mzima, adapta nzima, soketi ina umeme, halafu printa giza! Alianza kujishuku mwenyewe. Labda jana aliibonyeza vibaya? Labda kuna kitufe kingine ambacho hakukijua? Wewe, akili ya mtu aliyesingiziwa inaweza kumtungia kosa lolote.

"Si nilisema?" Luhende alidakia. "Kaiua."

"Subiri kidogo, mzee. Bado fyuzi ya ndani."

Shadrack alihakikisha waya umechomolewa, akafungua skrubu, kisha akakaa tu akiitazama saa yake. Restituta alitamani kumsukuma.

"Unangoja nini?"

"Humu ndani kuna umeme unaobaki hata ukichomoa. Ukiuvamia unakurusha."

Baadaye akabandua bodi ya umeme, akapima, akachomoa kibomba kidogo cha kioo na kukigusa na mita. Kimya. Akarudia. Kimya.

"Huyu hapa. Fyuzi imekatika. Lakini fyuzi haikatiki bure, dada. Lazima kuna kilichoikata." Aliinua bodi kwenye mwanga. Sisimizi! Wamejaa kwenye miguu ya vifaa, wengine wameungua, wamekuwa weusi tii. "Wamepigisha shoti."

Alipangusa kwa brashi na spiriti, akangoja ikauke, akapima kama shoti imeisha. Kisha akaweka fyuzi yenye namba zile zile, aliyoitoa kwenye redio mbovu. "Mafundi wengine wanafunga waya hapa badala ya fyuzi. Siku nyingine inawaka moto."

Printa ikafungwa, ikachomekwa. Restituta alibonyeza kitufe, macho kayafumba. Alipoyafumbua, taa ya kijani ilikuwa inawaka. Alipiga kigelegele mpaka kuku wa nje wakakimbia.

"Mzee, ufunguo wangu."

"Nitakupa kesho," alisema Luhende. Hakunyanyuka.

Kesho? Restituta hakuelewa. Printa si imewaka? Hapo ndipo macho yake yalipotua ukutani. Sisimizi hai walikuwa bado kwenye mstari wao, wakitoka nyuma ya printa. Aliwafuata kwa kidole: wakashuka ukuta, wakavuka sakafu, wakapanda mguu wa meza ya mwenyekiti, wakapotelea kwenye droo. Na ofisi hii ndiyo ile ambayo Luhende mwenyewe alipiga marufuku mtu kuingia na asali.

"Fungua, mzee," alisema Shadrack.

Luhende alikohoa. Alitazama dirisha, akatazama gari lililokuwa linapakiwa nje, mwisho akaivuta droo. Ndani, kwenye mfuko wa nailoni uliochanika, kulikuwa na sega nono lililoliwa nusu, na ufunguo wa ofisi umezama humo.

Restituta aliutoa kwa vidole viwili, unanata, akakilamba kimoja taratibu.

"Asali nzuri, mwenyekiti," alisema. "Na hii niichapie lebo?"