Jedwali Lililorukwa na Orodha

Watu wengi husoma tasnifu kwa kuanzia mbele, wakaishia hukohuko mbele. Mama Pambizo alikuwa mmoja wao, na hakuona haya kusema. Miaka kumi na saba alikuwa akiwapangia wasomi kurasa za mwanzo katika duka lake mkabala na geti la chuo: tamko, tabaruku, shukrani, ikisiri, yaliyomo, orodha ya majedwali, orodha ya vifupisho. Sura ya kwanza ikianza tu, yeye kazi yake imekwisha. Lakini kwa kurasa hizo chache alishajua nani kamshukuru mkewe na nani kamsahau. Jina lenyewe alibandikwa na wanafunzi, kwa ukali wake juu ya ile nafasi nyeupe ya pembeni. Kushoto sentimita nne, ili jalada lisile maneno, na usimletee hadithi.

Siku hiyo, saa nne asubuhi, aliingia mkunga mmoja wa makamo, flashi kaifumbata mkononi. Alikuwa amesomea shahada ya uzamili miaka minne huku akifanya kazi wodi ya wazazi. Ofisi ya kupokea tasnifu ingefunga saa kumi kamili. Akiikosa leo, ni mpaka mwakani, na ile nafasi ya kufundisha chuo cha wakunga aliyoahidiwa ingekwenda kwa mwingine. Msimamizi wake alikwisha kuziridhia sura zote. Alikuwa ofisini kwake akisubiri kutia sahihi kwenye tamko.

"Ni za mwanzo tu, mama," mkunga alisema. "Ndani kumetulia."

Mama Pambizo akacheka kimoyomoyo. Hajawahi kuingia mtu humo dukani akasema ndani hakujatulia.

Akafungua. Lo! Yaliyomo yote yalikuwa yamechapwa kwa mkono, vinukta vimegongwa kimoja kimoja mpaka mwisho wa mstari, na nambari za kurasa zimepinda kama foleni ya kisimani. Akafuta kila kitu. Akavipa vichwa vya sura mtindo mmoja na vichwa vidogo mtindo wao, ili kompyuta ivikusanye yenyewe. Akazitenga kurasa za mwanzo na sura ya kwanza, zikabaki na nambari za Kirumi na sura ya kwanza ikaanza na moja. Kwenye vifupisho, mkunga alikuwa amevipanga kwa jinsi vilivyomjia. Mama Pambizo akavipanga kialfabeti katika safu mbili zisizo na mistari, kisha akakitafuta kila kimoja ndani ya maandishi. Kimoja hakikuwamo popote. Mkunga akakuna kichwa, akasema hicho kitakuwa kimebaki tangu pendekezo la utafiti. Kikatolewa.

Zamu ya majedwali ikafika. Mama Pambizo aliamuru orodha ijitengeneze, ikatoka. Jedwali 4.4. Jedwali 4.5. Jedwali 4.7.

"La sita limekwenda wapi?"

Mkunga alisema labda alikosea kuhesabu. Basi saba ifanywe sita, yaishe. Thubutu! Umwambie Mama Pambizo afunike shimo bila kuchungulia ndani? Akatafuta, akalikuta ukurasa wa hamsini na nane, limekaa zake. Kichwa chake kilichapwa kwa maandishi ya kawaida, bila mtindo wa vichwa vya majedwali, ndiyo maana mashine haikulitambua. Akalipa mtindo wake, akaamuru tena, na orodha ikatimia. Kazi ilikuwa imekwisha, angeweza kuendelea. Lakini kichwa kilikuwa kimekwisha kumwingia: "Wajawazito Waliofika Mapema Kituoni na Kurudishwa Nyumbani."

Basi kwa mara ya kwanza tangu afungue duka, alisoma ndani. Akina mama mia mbili na kumi na wawili walijifungulia njiani. Themanini na saba kati yao walikuwa wamekwisha kufika kituoni siku hiyohiyo, wakaambiwa bado, warudi nyumbani.

Akarudi haraka kwenye ikisiri, ule muhtasari wa utafiti mzima, maana kitu kizito namna ile lazima kitajwe huko. Hakikutajwa. Ikisiri ilisema akina mama hujifungulia njiani kwa kutojua dalili za uchungu na kwa umbali, na kwamba waelimishwe. Katikati kulikuwa na neno "utachunguza", limesahaulika peke yake kati ya vitenzi vya wakati uliopita. Mama Pambizo akaelewa.

"Hii uliiandika lini, mwanangu?"

Mkunga akakiri. Ikisiri ilikuwa ya pendekezo. Alibadilisha nyakati tu. Jedwali lile liliingia mwishoni, baada ya msimamizi kumtaka arudi kwenye madaftari ya mapokezi.

"Yaani majibu uliyajua kabla hujauliza?"

Mkunga alitazama saa ya ukutani. Saa saba na nusu. Akasema jambo lenyewe limo sura ya nne na ya tano, anayelitaka atalisoma. Mama Pambizo akamwambia kwamba wasomaji wote anaowafahamu yeye waliowahi kufika ukurasa wa hamsini na nane wangeenea kwenye benchi lile la mlangoni, na nafasi ingebaki. Halafu udadisi ukamshinda kabisa, akauliza: kwani huwa wanawarudishia nini?

Vitanda vichache, mkunga alieleza. Njia haijafunguka vya kutosha, basi unamwambia akatembeetembee, arudi baadaye. Na nani humwambia? Aliyeko mapokezi zamu hiyo. Na mapokezi hukaa nani?

Mkunga aligeukia lile jedwali kwenye kioo. Feni ilizunguka juu yao.

"Kila anayerudishwa, tunaweka saini," alisema. "Kati ya hao themanini na saba, kumi na wanne ni saini yangu."

Mama Pambizo alitamani kuumeza ulimi wake. Alijua methali ya kumwambia, kwamba mficha uchi hazai, lakini utamwambiaje mkunga? Akasogeza kiti, akampisha kwenye kibodi.

Mkunga aliandika, akafuta, akaandika. Ile sentensi ya akina mama kutojua dalili akaiondoa yote. Alipomaliza alimpigia msimamizi simu, akamsomea sentensi mpya. Upande wa pili ukasema alete, sahihi ipo. Sentensi ilikuwa hii: "Themanini na saba walikuwa wamefika kituoni, wakarudishwa na wakunga, akiwamo mtafiti."

Ikisiri ikawa na maneno mia tatu na mawili. Kikomo ni mia tatu, na chuo hakina huruma. Mkunga akapeleka kidole kwenye yale mawili ya mwisho, "akiwamo mtafiti".

"Ondoa mkono," alisema Mama Pambizo. Akapitia ikisiri neno kwa neno, akang'oa "kwa hakika" kwenye mstari wa tatu. Mia tatu. Akasahihisha na lile "utachunguza", akaamuru yaliyomo yajipange upya, akachapa.

Saa tisa na nusu, tamko likiwa limetiwa sahihi, walikuwa mbele ya dirisha la ofisi wote wawili, maana Mama Pambizo alikuwa amefunga duka akamfuata, hakuweza kukaa. Karani alipima pambizo kwa rula. Akalinganisha orodha na majedwali, moja baada ya jingine, mpaka 4.6, ukurasa wa hamsini na nane. Akasoma ikisiri. Akainua macho.

"Huyu mtafiti ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

Karani akashika muhuri, asiupige.

"Na sasa hivi, mtu akija mapema, mnamfanyaje?"

"Wenzangu sijui," mkunga alijibu. "Mimi niko zamu leo jioni. Akija, nitamwambia akae."