Chupa Mbili za Mwalimu Zacharie

Video ilisimama pale Kavira, aliyeitengeneza, alipotaka isimame. Kwenye shuka jeupe lililotundikwa mbele ya darasa, mwalimu Zacharie aliganda na jagi la maji mkononi, na chini yake maandishi yakatokea: *Maji ya chupa gani yatatoka safi? Fikiri, kisha sema.*

Darasa zima likapiga kelele.

"Imekwama! Madame, imekwama!"

"Zima uwashe tena!"

Adèle, mwenye darasa lile la maturubai pale Bungulu, akakimbilia projecteur, ile mashine ya kuonyesha video, akaigonga ubavuni kama mutu anayegonga redio ya zamani, kisha akabonyeza kitufe. Video ikaanza upya tangu picha ya kwanza, ya korongo lililochimbwa na mvua. Ilipofika tena kwenye swali, kelele zikarudi, na Adèle akanyoosha mkono kugonga tena.

"Wacha, ma chère," Kavira akasema. "Haikukwama. Ni mimi niliisimamisha."

"Kumbe! Juu ya nini?"

"Ili wafikiri."

Adèle akawatazama watoto wake, nao walikuwa wanacheka na kusukumana kwenye mabenchi. Hakuna aliyekuwa anafikiri juu ya chupa.

Nyuma kabisa alikuwa amesimama Esdras, mkubwa wa Kavira kazini, aliyetoka naye Butembo asubuhi ile. Bureau yao, ofisi ya misaada, ilikuwa inatengeneza video fupi za masomo na kuzituma kwenye kadi za kumbukumbu za simu kwa madarasa ya waliokimbia vita. Alingoja hadi watoto watoke mapumziko.

"Madame Kavira, umeona mwenyewe. Kata ile kimya yote. Swali, jibu, twende."

"Chef, tukikata, hawatafikiri. Watarudilia jibu kama kasuku."

"Na hivi wanafikiri nini? Wanafikiri mashine imekufa! Kesho asubuhi tunatia video kwenye kadi. Ukiwa na namna ingine, unionyeshe mbele ya hiyo saa. Kama hapana, tunatuma bila kimya."

Akaenda zake kutafuta chai.

Kavira akabaki amekaa kwenye benchi la watoto, magoti yakimfika kifuani. Alikuwa amechoka uchovu ule usioishia kitandani. Alizaliwa vita ikiwa hapa, akasoma vita ikiwa hapa, akapewa chaki vita ikiwa hapa. Na miaka hiyo yote watu wa mabureau walikuja na magari meupe, wakauliza: mulikimbia wapi, munahitaji nini, nani aliwashambulia? Mutu akifungua kinywa, wao wamekwisha kugeuza ukurasa. Aliwakumbuka, sura kwa sura. Sasa yeye naye yuko bureau, na anaambiwa aulize namna ileile: swali, jibu, twende.

Lakini Esdras alisema kweli juu ya jambo moja, na ndilo lililomuuma. Kwa watoto hawa, picha iliyoganda ni simu iliyokwama. Wameona simu ngapi zilizokwama, na hawajaona hata siku moja video inayowangojea.

Mchana ule, nyumbani kwa Adèle, mvua ikipiga mabati, akafungua kazi yake upya kwenye simu. Video ilikuwa imeshonwa kwa vipande ambavyo tayari vilikuwapo. Cha kwanza ni korongo la Butembo likimeza uchochoro. Asma, jirani yake muuza vitenge, alikichukua mvua ilipopita. Cha tatu ni shamba la Vuhovi, mistari ya bingobingo, yale majani marefu ya kuzuia udongo, ikikata mteremko kwa upana, na mwenye shamba alikubali kitumike. Cha katikati, kilichobeba somo lote, ni cha Zacharie.

Alikichukua Kavira mwenyewe, walipokuwa wanafundisha pamoja kule Mbau. Zacharie alilaza chupa mbili za plastiki, akazikata tumbo, moja akajaza udongo mutupu, nyingine udongo wenye nyasi zilizoota. Akaziinamisha kidogo, shingo zikielekea kwenye vikombe viwili. Akauliza swali. Kisha akangoja.

Kungoja kule ndiko Kavira alikokuwa amekata. Aliweka mahali pake picha moja iliyoganda, na akajiambia ni sababu ya usafi: kuku alipita, mutoto alikohoa. Uongo. Alikata kwa kuwa wakati ule Zacharie aliinua macho akamtazama yeye aliyeshika simu, akatabasamu kidogo, kama anasema *uwaache, watafika*. Miezi michache baadaye watu wa silaha walimuua kwenye njia ya shamba, na hakuna aliyekuja kuuliza hata swali moja.

Adèle akaleta viazi. "Hapana lia kwa chakula yangu, watasema sijui kupika."

"Adèle, angalia hapa. Hii imekwama?"

Adèle akainama kwenye kioo cha simu. Zacharie alikuwa amesimama kimya, jagi mkononi. Maji yakitikisika. Akapepesa macho. Kuku akapita.

"Hapana. Anangoja."

"Umejuaje?"

"Kwani siko na macho? Anapumua!"

Kavira akafuta picha iliyoganda, akarudisha kungoja kote, na kuku na kikohozi. Maandishi ya swali akayapitisha chini, yakae hadi mwisho. Watoto wa Mbau walikuwa wamejibu kwenye kipande kile, na majibu yao akayaondoa, ili hawa wa Bungulu wasikute kazi imefanywa. Mwishoni akarudisha vipande vitatu kwa ufupi, bila sauti yoyote, na maneno haya: *Sasa mueleze ninyi.* Alipomaliza hakuwa na furaha. Alitaka tu kulala.

Asubuhi Esdras alisimama palepale nyuma, mfuko wa kadi kwapani.

Korongo likapita. Chupa zikaja. Zacharie akauliza, akanyamaza, akainua macho. Darasa likanyamaza naye. Esdras akahema kwa nguvu.

Ndipo msichana wa mstari wa mbele, Nadège, aliyekimbia kutoka Mbau na shangazi yake, akageukia wenzake kwa hasira.

"Museme basi! Huyu hamwagake maji kama hatujasema. Mi namujua!"

"Ya nyasi itatoka safi!" mmoja akarusha.

"Hapana, ya nyasi haitatoka kitu! Nyasi itakunywa yote."

"Itakunywaje yote, we mujinga, nyasi ni ng'ombe?"

"Kwetu kukinyesha, maji inapitaka tu kwa nyasi!"

Waligombana mpaka Zacharie akamwaga. Chupa ya udongo mutupu ikatoa haraka maji ya rangi ya kakao. Ya nyasi ikachelewa, ikadondosha kidogo kidogo, karibu safi. Aliyesema nyasi ingekunywa yote akaruka: "Si nilisema imekunywa!" "Imekunywa nusu tu!" Na vipande vya mwisho vilipopita bila sauti, walieleza wao, wakikatana maneno, korongo na chupa na mistari ya bingobingo, bila Adèle kuwaanzishia neno.

Esdras akaja karibu na Kavira. "Na kule ambako hawamujui mwalimu huyu?"

"Anapepesa macho, chef. Watajua anangoja."

Esdras akaweka mfuko wa kadi kwenye magoti ya Kavira.

"Tia hii. Na kuku?"

"Na kuku."

Wakati wa kunakili, Kavira alifungua kila kadi ahakikishe, na kila mara alipeleka video moja kwa moja pale katikati. Zacharie aliinua macho, akamtazama. Safari hii Kavira hakuondoa macho yake. Nyuma yake Nadège alikuwa amesimama, kidole mdomoni.

"Madame, wale wa kwingine wakikosa kusema?"

"Atangoja."

"Mpaka lini?"

Kavira akachomoa kadi, akaiweka na zingine.

"Kama alingoja siku ile, mpaka mwisho; sikukata tena. Mimi ndio nilikuwa nashika simu."