Kahawa ya Makame na Sakafu ya Bibi

Mimi nina hasira za karibu, na sitaki kukuficha. Kwa hiyo Injinia Hamza aliponiambia, mbele ya mafundi wenzangu, kwamba Jumapili jioni anataka karatasi ya makabidhiano yenye sahihi ya mama mwenye nyumba, la sivyo mimi Nahashon nirudi kuosha filta za eisii, mashine za kupoza hewa, nilihisi masikio yakiwaka moto. Miaka minne nimeosha filta katika jiji hili. Nimelimeza vumbi lake lote. Kazi ya joto ndiyo kazi ya kwanza Doha iliyonifanya nijione fundi, na sikuwa tayari kuiachia hivi hivi.

Watu hucheka nikisema natengeneza mitambo ya joto Doha. Joto la nini, wanauliza, kwani la Mungu halitoshi? Waje Umm Salal, nje kidogo ya Doha, mwezi wa kwanza, wakae kwenye majilisi, sebule ya wageni, yenye sakafu ya marumaru, halafu tuongee. Mwaka huo wa 2014 baridi ilikuja na upepo mkavu, na nyumba niliyokabidhiwa ilikuwa ya bibi mmoja wa Kikatari mwenye umri mkubwa na magoti mabovu. Wanawe walikuwa wamemtandikia mabomba ya maji ya moto chini ya sakafu ili asali na kukaa bila kuumia.

Mtambo wenyewe ni rahisi kuueleza. Boila inapasha maji hadi nyuzi sitini, lakini maji ya sitini hayaruhusiwi kuingia sakafuni, yatakunja vigae na kuchoma miguu. Kwa hiyo kati yake na sakafu kuna vali ya kuchanganya, yenye midomo mitatu. Mdomo mmoja unaleta maji ya moto ya boila, wa pili unaleta maji yaliyopoa yanayorudi kutoka sakafuni, na wa tatu unatoa mchanganyiko kwenda kwenye pampu. Mota ndogo iliyo juu ya vali ndiyo inayoamua moto uwe mwingi au kidogo. Anayeiamuru mota ni kontrola, kisanduku chenye kioo kidogo. Na kontrola nayo inatazama hali ya hewa kupitia sensa, kipima joto kidogo kilichotundikwa ukutani nje. Nje kukiwa na nyuzi ishirini, inapeleka maji ya ishirini na tano. Nje kukishuka hadi kumi, inapeleka maji ya thelathini na saba. Kukizidi ishirini inasema kiangazi kimeingia, inafunga vali na kuzima pampu. Huhitaji mtu wa kugusa chochote. Ndivyo kitabu kinavyosema, nami nilikiamini kitabu kuliko nilivyomwamini Damaris.

Damaris ni Mkenya mwenzangu, wa Kitale, ndiye anayemhudumia bibi. Jioni nyingi alinipigia simu.

"Nahashon, sakafu imekuwa barafu tena. Huyu mama atanimaliza na maneno."

"Nimetoka huko leo asubuhi. Ilikuwa sawa."

"Asubuhi huwa sawa. Sisi hatuishi asubuhi peke yake, ama?"

Na kweli, kila nilipofika saa nne asubuhi, sakafu ilikuwa na uvuguvugu mzuri, kontrola ikionyesha namba zake za kupendeza. Nilifikiri mama na Damaris wanadeka. Hata hivyo nilibadilisha mota ya vali, nikidhani inakwama. Nikatoa hewa kwenye mabomba. Halafu, kwa kiburi changu, nikapandisha mstari wa joto, yaani kila nje ikishuka nyuzi moja maji yapande mbili. Asubuhi iliyofuata bibi aliweka mguu chini akauinua na mayowe. Jioni yake sakafu ilikuwa barafu vile vile. Nikawa nimewapa joto wasilolitaka na baridi wanayoikimbia, kwa bei moja. Nikaurudisha mstari mahali pake, nikamwomba Damaris radhi, naye akanikatia simu.

Jumamosi, siku moja kabla ya siku ya Hamza, sikwenda asubuhi. Nilikwenda saa tisa alasiri na kukaa chini kwenye chumba cha boila, juu ya ndoo, macho kwenye kioo cha kontrola. Nilikuwa nimeikosa ibada kule Mesaimeer, ambako makanisa husali Ijumaa, siku ya mapumziko ya Doha, kwa sababu ya mtambo huu, na nilikuwa nauzungumzia kwa maneno ambayo padri asingeyapenda. Nje, namba ilisoma kumi na saba. Maji ya sakafu, ishirini na tisa. Nilishika bomba la moto nikauondoa mkono haraka. Nikashika bomba la mchanganyiko, likawa vuguvugu kama inavyotakiwa. Saa kumi ikapita. Jua likaanza kulegea na mimi nikafunga zipu ya koti.

Hapo namba ya nje ikapanda. Kumi na tisa. Nilidhani nimesoma vibaya. Ishirini na moja. Ishirini na nne. Mota ya vali ilianza kunguruma pole pole ikifunga njia ya moto, kisha pampu ikanyamaza. Nilibaki kwenye kimya hicho na vipele vya baridi mikononi, huku kontrola ikiniambia kiangazi kimeingia Umm Salal.

Nilitoka mbio kuzunguka nyumba hadi kwenye kona ya ukuta karibu na lango, chini ya kipaa cha zege, mahali nilipoitundika sensa mwenyewe mwezi wa kumi. Nilikuwa nimepachagua kwa makini: upande wa kaskazini, jua halifiki, hakuna dirisha wala mashine ya eisii karibu. Chini yake kabisa alikaa Makame, mlinzi wa lango, mtu wa Pemba mwenye miaka hamsini na ushee, akipepea jiko la mkaa. Juu ya mkaa kulikuwa na dele la kahawa. Madereva watatu wa nyumba za jirani walikuwa kwenye benchi, vikombe vidogo mkononi, wakibishana kuhusu mpira.

"Karibu fundi," Makame akasema. "Hebu kaa, unywe. Leo kuna kashata."

Niliinua macho kwenye sensa. Mvuke wa dele na joto la mkaa vilipanda moja kwa moja, vikakusanyika chini ya kipaa, vikaikumbatia sensa yangu.

"Mzee Makame, tangu lini mnakaa hapa?"

"Tangu baridi kuingia. Kiangazi tulikaa kule wazi, pepo zipige. Sasa hapa ndipo hapana upepo. Barazani penyewe ndipo hapa, kila siku baada ya alasiri hata isha."

Ndiyo kusema, baridi ikizidi, Makame anaongeza mkaa. Makame akiongeza mkaa, kontrola inaona kiangazi. Kontrola ikiona kiangazi, bibi anapigwa na baridi. Usiku mkaa ukizimwa mtambo unaamka, na sakafu nene kama ile huchukua saa nyingi kupata moto, kwa hiyo asubuhi mimi nikifika naikuta nzuri. Hasira zikanipanda. Nilifungua mdomo kumkaripia mtu anayelingana na baba yangu.

Kisha nikakumbuka kwamba mwezi wa kumi na mbili, siku mbili nzima nilipokuja kuunganisha nyaya, nilikunywa kahawa hapo hapo. Vikombe sita. Nilikaa chini ya sensa yangu mwenyewe, nikala kashata, nikasema hakuna kahawa kama hii Doha nzima. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikaa kwenye benchi kwa aibu.

Nilipomweleza, Makame aliliweka pepeo chini.

"Yakhe, wasijue. Yule mwana mkubwa wa bibi alishasema moto usiwashwe ukutani. Nna wanangu wawili chuo. Nikitolewa hapa nakwenda wapi?"

"Hakuna atakayekutoa."

Niliyasema hayo bila kujua nitayatimiza vipi. Niliogopa, na niliogopa kwa ajili yangu kwanza, kisha kwa ajili yake.

Nilichukua waya wa mita nane, nikaihamisha sensa hadi ukuta mwingine wa kaskazini, nyuma ya stoo, mita mbili na nusu kutoka chini, mbali na jua, madirisha na mtu yeyote apendaye kahawa. Makame alinishikia ngazi. Niliporudi kwenye chumba cha boila kontrola ilisoma nje kumi na tano. Mota ikanguruma kwa upande mwingine, pampu ikaamka, na maji yakapanda taratibu hadi thelathini na moja yakatulia hapo. Nilimwambia Makame aendelee na moto wake. Hadi isha namba haikupanda tena.

Jumapili jioni Hamza alikuja na karatasi. Bibi alikuwa kwenye kiti chake majilisini, miguu mitupu juu ya marumaru, na Damaris amesimama nyuma yake kutafsiri. Hamza alipitisha kiganja sakafuni, akaridhika, halafu akauliza nilichokuwa nakiogopa.

"Sawa. Na tatizo lilikuwa nini hasa?"

Ningeweza kusema mota. Mota niliibadilisha kweli, ningeandika mota na hakuna ambaye angejua. Lakini mficha uchi hazai. Nikificha leo, fundi mwingine ataitundika sensa kwenye kona ile ile.

"Kosa ni langu, injinia. Niliitundika sensa mwezi wa kumi, sikuuliza watu hukaa wapi mwezi wa kwanza. Ilikuwa inapata joto la jiko."

"Jiko gani?"

Damaris, ambaye hajui kukaa kimya, alikuwa ameshaanza kumtafsiria bibi, na nilimsikia akilitaja jina la Makame na neno kahawa. Nilitamani kumziba mdomo. Bibi alimtuma amwite mlinzi. Makame akaja na kusimama mlangoni, kofia yake mkononi, na sikuwahi kumwona mdogo namna ile.

Bibi alisema maneno mengi kwa Kiarabu, kwa sauti ya kufoka. Damaris alisikiliza, akaziba mdomo kwa mkono, kisha akatafsiri.

"Anasema, miezi miwili amekaa na baridi kwa sababu ya kahawa. Anauliza, mbona yeye hakuletewa hata kikombe kimoja?"

Hamza alicheka kwanza. Makame hakucheka, alitoka karibu mbio, akarudi na dele na kikombe kilichooshwa, akammiminia bibi. Bibi akaonja. Akaonja tena. Akasema tangawizi imezidi, na aletewe kila siku baada ya alasiri, na kama mwanawe ana neno kuhusu jiko, aje amwambie yeye mama yake. Kisha akaomba kalamu.

Hamza aliikunja karatasi yenye sahihi akaitia mfukoni.

"Wiki ijayo kuna nyumba mbili zaidi, Nahashon. Zote zina boila. Ila kabla hujatundika sensa, uliza kwanza wenyeji wanakunywa kahawa wapi."

"Nitauliza, injinia."

Nilishuka kuitazama kontrola mara ya mwisho. Nje kumi na nne, maji thelathini na mbili, vali imefunguka kiasi chake. Halafu nikaenda kwenye kona ya Makame. Alikuwa ameshanimiminia kahawa, amekifunika kikombe kwa kisahani isipoe, na kashata pembeni.