Robo na Nusu kwa Ukurasa Mmoja

Andalio la somo la Mama Chaki, kama walimu wenzake walivyomwita, lilikuwa refu kama safari ya kinyonga. Malengo, rejea, tathmini, maoni; hata mahali pa kutabasamu alikuwa amepaandika.

Kesho analazwa. Daktari alishamweleza bila kuzunguka kwamba uvimbe wa koo ukitolewa, sauti nayo inakwenda. Darasa la tatu angelishika binti mmoja aliyetoka chuoni juzi, na mwalimu mkuu alitaka ukurasa mmoja tu, wa kusomwa mtu akiwa bado mlangoni.

Basi akakaa kwenye chumba cha walimu, kalamu mkononi, akakata. Rejea zikatoka, maoni yakatoka. Juu kabisa akaandika jambo moja la kufundisha: robo ni ndogo kuliko nusu. Chini yake, karatasi za kukunja ziko kabati la nyuma, rafu ya chini. Kisha hatua kwa mpangilio, na dakika za kila hatua pembeni. Kosa la kutazamia akalipigia mstari: watasema robo ni kubwa, kwa kuwa nne inaizidi mbili. Usibishane nao, wakunje, wakate, walinganishe vipande.

Yule binti alipofika akaisoma karatasi akiwa amesimama, akitikisa kichwa kwa kuridhika, mpaka akarudi kwenye mstari wa kwanza wa hatua. Palikuwa pameandikwa: watulize kama kawaida.

"Kawaida ipi, mama?"

Mama Chaki akacheka kidogo. Miaka yote ya kufundisha hakuwahi kujiuliza. Akamweleza kwamba yeye hushusha sauti, anaongea chini chini hadi watoto wenyewe wananyamazishana ili wamsikie.

Binti akajaribu, palepale kati ya meza. Kasauti kake kembamba hakakushuka popote. Mwalimu wa michezo, aliyekuwa akisahihisha madaftari karibu na dirisha, akasema huyo akinong'ona watoto watadhani mbu kaingia. Wakacheka wote watatu, kisha kicheko kikawaishia mdomoni.

"Siwezi kama wewe," binti akasema.

"Hata mimi kuanzia kesho siwezi, mwanangu. Lete hapo."

Akaufuta ule mstari kwa kalamu, polepole, kama anayefunika chungu. Juu yake akaandika: gonga meza mara mbili, inua karatasi, usiseme neno mpaka wote watazame. Hilo yeyote angeliweza.

Binti akagonga meza. Akainua karatasi, akangoja, kisha akapita hatua zote hadi mwisho bila kuuliza swali hata moja.

"Umeelewa?" Mama Chaki akauliza.

"Nimeelewa, mama. Liko wazi kabisa."

"Haya," akasema. Lilikuwa somo zuri. Aliitafuta sauti yake mwenyewe mle ndani, mstari kwa mstari, asiione. Akamkabidhi funguo za kabati.