Mguu Nje ya Fremu

Ofisini walimwita Bi Milimita, na kwa muda mrefu alijidanganya kwamba ni jina la heshima. Alikuwa mlinzi wa chapa katika kampuni ya magodoro: hakuna bango, karatasi ya bei wala posti ya mtandaoni iliyotoka kabla hajaitia jicho. Mwongozo wa chapa aliuandika mwenyewe. Kijani kimoja, krimu moja, fonti moja, picha ndani ya fremu, nembo kona ya chini kulia, na kuizunguka nembo nafasi tupu ambamo hata nzi asingeruhusiwa kutua. Mwaka uliopita alimrudishia bosi kadi ya mwaliko wa sherehe ya kampuni kwa sababu picha ilivuka fremu. Kisa hicho alikisimulia mpaka marafiki wakaanza kuangalia saa zao.

Asubuhi hiyo bosi akasimama mezani kwake, kikombe mkononi.

"Violezo vipya naviona leo mchana. Mteja kaniambia mfululizo uliopita tulikuwa tunarudia posti moja. Kumbe zilikuwa posti za mwezi mzima!" Akapiga funda la chai. "Hii ikitoka vilevile, ukurasa wetu wa mtandaoni nampa mpwa wangu. Anasema ana mawazo."

Mpwa huyo walimjua. Wazo lake la mwisho lilikuwa godoro lililovaa miwani ya jua.

Bi Milimita alikwenda kwa Brashi, msanifu wa picha, roho juu. Brashi alikuwa ametengeneza violezo tisa, yaani mifupa ya posti: kimoja cha ofa, kimoja cha ushauri, kimoja cha maoni ya mteja, na kadhalika. Kila tawi lingechukua kiolezo, likabadilisha maneno na picha, likaposti. Vilikuwa vimekwenda na kurudi kati ya meza zao mara nne, na kila vikirudi kwake vilikuwa na maoni mekundu kama mtoto mwenye surua.

"Tayari, dada," Brashi alisema, sauti bapa kama shuka. "Kila ulichosema nimekifanya."

Akavipanga vyote tisa kwenye skrini, vitatu vitatu, kama vitakavyoonekana kwenye ukurasa. Kila kitu kilikuwa kwenye mstari. Bi Milimita akasikia raha ya mtu aliyefungua kabati na kukuta mashuka yamepigwa pasi.

"Safi kabisa," alisema.

"Nilijua utapenda," Brashi akajibu, bila kutabasamu.

Wakati huo shangazi wa Bi Milimita, nesi mstaafu anayeishi naye, alikuwa mapokezi. Alikuja kuchukua ufunguo wa nyumba. Bi Milimita akashuka nao, na kwa kuwa alikuwa na hamu ya kusifiwa, akamwekea simu yenye violezo mbele ya macho.

"Shangazi, hebu pitia hizi."

Shangazi akapitisha kidole. Akapitisha tena. "Simu yako imeganda."

"Haijaganda."

"Mbona picha ni ile ile?"

"Shangazi! Ni tisa tofauti. Hii ni ofa, hii ushauri, hii mteja anatushukuru."

"Mwanangu, hizi ni tofauti kama wale pacha wa jirani. Mama yao anajua nani ni nani. Sisi wengine tunasalimia tu."

Bi Milimita akacheka, kisha akaitazama simu upya. Mama yao alikuwa yeye. Kila alipotoa maoni alitazama kiolezo kimoja peke yake, akakinyoosha, akakifuta uso, akakirudisha. Hakuwahi kuvitazama vyote pamoja kabla ya leo, na leo alipovitazama aliona usafi tu. Alivinyoa vyote kipara, kisha akasifu nywele.

Akamshika shangazi mkono. "Twende juu."

"Ufunguo nimeshapata."

"Twende tu."

Walimkuta Brashi anakula karanga.

"Vile vya mwanzo kabisa," Bi Milimita alisema, "unavyo?"

Brashi akasita, akajaribu kuziba skrini kwa bega, lakini jina la folda lilikuwa limeshasomeka: *Kabla ya Msiba*.

"Nani kafa?" shangazi akauliza.

"Wazo, mama," Brashi akasema.

Bi Milimita alimeza hilo bila maji. Folda ikafunguka. Cha ofa kilikuwa na mguu wa mtu aliyelala fofofo, umetoka nje ya fremu unaning'inia, na maneno: *Usiniamshe.* Cha ushauri hakikuwa na kitanda hata kidogo. Kulikuwa na kikombe cha chai iliyopoa na maneno: *Nilisema dakika tano.* Cha maoni ya mteja kilikuwa cha zambarau, kwa mwandiko wa mkono wenye mikia.

Akaziba nembo ya kwanza kwa kidole gumba. "Shangazi, hii ni ya nani?"

"Yenu. Kijani chenu hicho, na herufi zenu nene. Mguu ni wa mjomba wako."

Akaziba ya kikombe. "Yenu pia. Na mimi nililala hivyo jana."

Akaziba ya zambarau. Shangazi akainamisha kichwa. "Saluni."

"Aa, mama!" Brashi akaruka. "Hiyo ndiyo naipenda kuliko zote!"

"Mimi pia naipenda," Bi Milimita akasema. "Ila tukiiposti, saluni watatushukuru. Na weka maneno ya mteja halisi, yule wa tawi la sokoni aliyeandika kama anatuma barua."

Brashi akayabandika. Mikia ikagongana, sentensi ya mwisho ikatoka nje ya posti yenyewe. Akatafuna karanga.

"Sawa," akasema. "Saluni."

Wakaanza upya. Rangi, fonti na mahali pa nembo havikuguswa. Picha, utani na ukataji wa picha vikaachiwa pumzi. Cha mteja kikarudi kwenye kijani na herufi nene, lakini maneno ya mteja yakajaza posti nzima, makosa yake na furaha yake. Ukabaki mguu. Kidole chake kikubwa kilikuwa kimeingia kwenye nafasi tupu ya nembo.

"Niurudishe ndani ya fremu?" Brashi akauliza kwa uchovu. "Ndiyo maoni yako ya kwanza."

Bi Milimita akautazama mguu. Mkono ulimwasha.

"Utoke," akasema. "Lakini utokee kushoto. Nembo iachiwe hewa yake."

Brashi akausogeza. Shangazi akaangua kicheko: kutoka kule kushoto, kidole gumba kilikuwa kama kinaielekeza nembo kule kulia.

Mchana bosi alivitazama vyote tisa kwa pamoja. Akaziba nembo moja moja, akacheka kwenye mguu, akacheka tena kwenye chai.

"Hizi ni sisi," akasema. "Na hazijalala. Ukurasa baki nao." Kisha macho yakamng'aa kwa furaha. "Ila mguu umevuka fremu. Kadi yangu uliikataa kwa kosa hilo hilo. Niombe radhi."

"Na mimi pia," Brashi akadakia. "Mara nne."

Bi Milimita alijua anadaiwa. Alijua pia kwamba jioni ataufungua mwongozo na kuandika kuwa picha inaweza kuvuka fremu ikiwa na sababu, na kwamba atapima kwa rula imevuka kiasi gani.

"Brashi, wewe nimekupa mguu," akasema. "Na kadi yako, bosi, mbali na fremu, ilikuwa na nembo mbili, moja imepinda. Siombi radhi."