Kioo Kisichoanguka

Mama yake alikuwa haelewi, na wala hakujisumbua kuficha kwamba haelewi. Kila asubuhi alipiga simu binti akiwa ndiyo kwanza anafungua mlango wa ofisi, akauliza swali lile lile.

"Ile mashine yako imetembea?"

"Imetembea, mama. Jana imebeba vioo mia mbili, hakijavunjika hata kimoja."

"Iko wapi, tuje tuione?"

"Haipo bado. Hata vyuma vyake havijakatwa."

"Haipo, na imebeba vioo." Mama akaguna. "Na hao watu wanakulipa mshahara kabisa?"

Siku nyingine angecheka. Leo mteja alikuwa anakuja kusaini. Akamwambia mama atampigia baadaye, akaweka simu mfukoni, akawasha taa za chumba cha majaribio.

Chumba chenyewe kilikuwa na meza ndefu, skrini kubwa ukutani na viti sita visivyofanana. Juu ya meza kulikuwa na kidhibiti, kisanduku cha kijivu ambacho siku moja kingefungwa kwenye mashine na kuamuru kila injini na kila vali ya kufungua na kufunga hewa. Kidhibiti kilikuwa cha kweli. Programu iliyokuwa ndani yake ilikuwa ya kweli. Kitufe chekundu cha dharura kilichounganishwa nacho kwa waya kilikuwa cha kweli pia. Kilichokosekana ni mashine tu. Mahali pake palikuwa na kompyuta iliyokuwa ikijifanya mashine: kidhibiti kikisema "inua", kompyuta inauinua mkono wa kwenye skrini, kisha inarudisha taarifa kwamba mkono umefika juu. Kidhibiti hakikujua kama kinadanganywa. Ndiyo faida yake. Kosa likijitokeza hapa, unafuta mistari miwili unaandika mingine. Likijitokeza kiwandani, unaita gari la wagonjwa.

Watu wote pale walimwita Mhandisi, kwa sababu alikuwa mmoja tu. Na hapo ndipo lilipokuwa tatizo lake. Programu aliiandika yeye. Mashine ya bandia aliitengeneza yeye. Majaribio arobaini na mawili aliyapanga yeye, akayafanya yeye, akayatia alama ya vyema yeye. Miezi miwili iliyopita alimwomba bosi mtu mwingine wa kutengeneza ile mashine ya bandia, akamwambia wazi kwamba mganga hajigangi. Bosi, ambaye mafundi walimwita Leo-Leo kwa kuwa kila kitu alikitaka leo leo, alimjibu kwamba yeye haoni mganga wala mgonjwa, anaona kazi iliyochelewa.

Saa tatu wageni wakaingia. Meneja wa kiwanda cha vioo alitangulia, mtu mrefu, kalamu imeshatoka mfukoni. Alikuja kusaini. Akishasaini, saa sita vifaa vinaagizwa na vyuma vinaanza kukatwa. Nyuma yake alikuja mwanamke wa makamo mwenye makovu madogo madogo mikononi, aliyefanya kazi na vioo miaka ishirini na sita. Hata meneja wake alimwita Mama Vioo. Yeye ndiye angeiendesha mashine mpya, na meneja alimleta aizoee kabla haijazaliwa.

"Karibu mama, kaa hapa," Mhandisi akamwambia, akampa kiti kizuri kuliko vyote.

"Asante mwanangu. Nikae, halafu nani asimame kwenye mashine?" Akabaki amesimama.

Kwa saa mbili nzima mambo yalikwenda kama maji. Mkono wa kwenye skrini ulishuka, vikombe vinane vya mpira vikagusa kioo, hewa ikanyonywa, kioo kikashikwa. Mkono ukanyanyua kioo cha kilo tisini, ukakisimamisha wima, ukakiegemeza kwenye toroli. Leo-Leo alikuwa anatabasamu hadi jino la mwisho. Mhandisi alikuwa anahesabu pumzi zake. Kila jaribio lililofaulu lilimwongezea hofu badala ya kumpunguzia, na hakujua kwa nini. Labda kwa sababu hakuna kitu duniani kinachofaulu mara arobaini na mbili mfululizo, isipokuwa mtu anayejisahihishia mtihani mwenyewe.

"Sasa dharura," Leo-Leo akasema. "Mama, bonyeza hicho chekundu, kioo kikiwa juu."

Mama Vioo akakibonyeza kwa kiganja, bila kukitazama, kama mtu anayefunga mlango wa jikoni kwake. Mkono ukasimama papo hapo. Kioo kikabaki kinaning'inia, hakikutikisika.

"Maashallah," akasema. Akakifungua kitufe, mashine ikaendelea, akakibonyeza tena. Akarudia mara tano, mara sita. "Hii nimeipenda. Hii itatufaa sana."

"Dharura haitokei mara nyingi hivyo, mama," Mhandisi akasema.

"Dharura gani? Sisi chekundu tunakitumia kila siku. Kioo kikishikwa upande, unabonyeza, unaingia chini yake, unakinyoosha kwa mkono, unatoka. Ukienda kule kwenye menyu za skrini utafika saa ngapi?" Akacheka. "Ile mashine yetu ya zamani ina vibano vya chuma, ukiizima inang'ang'ania kioo kama mtoto na titi."

Meneja wake akakohoa na kuangalia dirishani. Ni wazi alikuwa anajua, na ni wazi alikuwa anajifanya hajui.

Mhandisi akageuka kumtazama. Katika vitabu vyote alivyosoma, mtu akibonyeza chekundu anakaa mbali, anaita fundi. Hakuna kitabu kilichoandika kwamba anainama chini ya kilo tisini.

"Lakini niulize kitu, mwanangu," Mama Vioo akaendelea. "Kwetu ukibonyeza chekundu kila kitaa kinakufa. Kile kijani pale juu mbona hakifi?"

Alikuwa ananyooshea kidole kitaa kidogo kilichochorwa juu ya vali ya kunyonya. Kilikuwa kinawaka.

"Hiyo ni rangi tu ya kwenye skrini," Leo-Leo akadakia. "Meneja, kama umeridhika, karatasi hii hapa."

Haikuwa rangi tu. Mhandisi alifungua kabati la michoro ya umeme, akavuta ukurasa wa kumi na nne. Mchoro ulisema jambo ambalo alilijua siku zote. Kitufe chekundu kikibonyezwa, relei ya usalama, swichi inayojikata yenyewe, inakata umeme wa vifaa vyote vinavyoamriwa na kidhibiti. Vyote, pamoja na vali ya kunyonya. Na vali ile ikikosa umeme inafunga hewa, na hewa ikifungwa vikombe havinyonyi tena.

Programu yake iliendelea kuiambia vali "nyonya" hata baada ya dharura. Aliiandika hivyo kwa makusudi ili kioo kisianguke. Na alipotengeneza mashine ya bandia aliiunganisha na amri hiyo hiyo, ndani ya programu, badala ya kuiunganisha na waya unaofika kwenye vali. Programu ilisema "nyonya", na mashine ya bandia ikajibu "nanyonya". Hakuna aliyeuliza kama umeme ulikuwepo. Wote wawili walikuwa ni yeye, na wote wawili waliamini kitu kimoja.

Kalamu ya meneja ilikuwa imeshagusa karatasi.

Alikuwa na njia ya kunyamaza, na aliiona waziwazi. Kesho angelirekebisha kimya kimya, angemnong'oneza aliyechora ile michoro ya umeme, angeomba vali nyingine. Lakini saa sita ilikuwa karibu, oda ikishatoka hairudi, na mambo ya kunong'ona huwa yanasahaulika. Halafu alimwazia Mama Vioo ameinama chini ya kioo. Aibu ilimchoma masikio, na sauti iliyotoka haikuwa hata yake.

"Usisaini."

Leo-Leo akageuka taratibu. "Mhandisi."

"Nimekosea, bosi. Majaribio yote ya dharura si ya kweli. Nipeni dakika tano."

"Mbele ya mteja?" Leo-Leo akasogea, akaongea akiwa amebana meno. "Hayo tutayamaliza wenyewe jioni."

"Mficha maradhi, bosi." Hakuimalizia. Kila mtu mle ndani aliijua sehemu ya pili, ile yenye kifo.

Akakaa kwenye kompyuta. Hakuigusa programu ya kidhibiti hata herufi moja. Aliigusa mashine ya bandia tu: akaongeza relei ambayo alikuwa ameisahau, akaiambia vali isifunguke mpaka amri iwepo na umeme uwepo pia. Ilikuwa mistari mitatu. Mara mbili aliikosea, akaifuta, akaiandika upya.

"Mama," akasema, "naomba unyanyue kioo, halafu ubonyeze kama kawaida yako."

Wakasimama wawili bega kwa bega mbele ya skrini. Mkono ukashuka, vikombe vikashika, kioo kikapanda. Mama Vioo akabonyeza.

Kitaa cha kijani kikazimika. Pembeni, namba ya nguvu ya kunyonya ikaporomoka kutoka themanini kuelekea sifuri. Hata sekunde mbili hazikutimia, kioo kikachomoka kwenye vikombe, kikashuka chote kwa mpigo.

Hakikutoa sauti yoyote, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukiwekea sauti. Lakini Mama Vioo aliruka nyuma, akamkamata Mhandisi mkono na kumvuta naye kwa nguvu, mpaka kiti kizuri kikapinduka na wote wawili wakagonga ukuta. Skrini ilikuwa mita tatu kutoka kwao. Hakuna aliyecheka.

Leo-Leo alitazama skrini, akamtazama yule mama aliyejibana ukutani.

"Oda ya vali," akasema, "nani anaituma?"

"Stoo. Saa sita," Mhandisi akajibu.

Akatoa simu, akatoka nje mbio. Walimsikia kwenye korido akiamuru isimamishwe, leo leo, sasa hivi. Meneja wa kiwanda akakifunga kifuniko cha kalamu yake, akaketi, na kwa mara ya kwanza tangu aingie alionekana mfupi.

Mhandisi alianza kueleza haraka haraka, maneno yakikanyagana: kwamba ziko vali za aina nyingine, zinazoendelea kunyonya hata umeme ukikatika, na tangi la akiba la kushikilia kioo hewa ikiisha, na uzio wa kuzuia mtu kuingia chini, na kwamba majaribio atayaanza upya yote, na safari hii mashine ya bandia ataitengeneza mtu mwingine. Aligundua kwamba anaongea huku analia, na kwamba mkono wake bado umeshikwa.

"Ningekuwa nimeinama," alisema Mama Vioo. Alikuwa bado anatazama sakafuni chini ya skrini, mahali ambapo hapakuwa na kitu. "Mwanangu, hata kichwa nisingeinua. Mimi nikiingia huwa namwita na mwenzangu aje anishikie upande wa pili."