Masikio ya Bibi Arusi Mbele ya Flashi

Kabla ya kwenda kwa Hidaya, mpambaji wa maarusi, Mwanvua alifunga mlango wa chumba akajipaka krimu ya kukinga jua, ile nzito nyeupe aliyoletewa na wifi yake kutoka Bukavu. Alipaka uso wote na masikio. Shingo aliiacha, kwa kuwa tyubu ilikuwa inaisha. Krimu ikazama kwenye ngozi, haikuonekana tena.

Ushauri ulikuwa wa shangazi yake, Amisa.

"Yule aliwahi kuposwa na nyumba ya Iliasi," alisema. "Leo wewe ndiye unaolewa na Iliasi, naye ndiye atakushika sura. Mutu hasahau, mutoto wangu. Weka kitu chako chini ya rangi yake, mukono yake isifike kwa ngozi."

"Basi tutafute mwingine."

"Mwingine nani? Wale wengine, kufika magaribi bibi arusi amekuwa kama ametoka kulima."

Hilo lilikuwa kweli. Katika Kasongo nzima, Waislamu kwa Wakristo, watu walimwita Hidaya. Na arusi hii ilihitaji mkono wa uhakika: karamu ingefanyika Kabambare, kwao Iliasi, usiku, kwa taa chache za jenereta, na karibu picha zote zingepigwa kwa flashi. Ndiyo maana Hidaya alitaka wafanye jaribio mapema, mpiga picha mwenyewe akiwepo.

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja karibu na soko. Alinawa mikono, akamgusa Mwanvua shavuni kwa kidole.

"Umepaka kitu?"

"Apana, yaya," Mwanvua alijibu, kama anayesema na dada mkubwa.

"Ngozi yako inateleza."

"Ni joto."

Hidaya alimtazama, kisha akampa kitambaa chenye maji. Mwanvua akajifuta juu juu. Hidaya aliona namna alivyojifuta, akakichukua kitambaa akakitundika msumarini.

Alimketisha mlangoni penye mwanga wa mchana, akachora mistari mitatu ya rangi kwenye taya, mmoja mmoja, akingoja kila mmoja ukauke. Aliutaka ule ambao ungepotea kati ya uso na shingo. Alipoupata akaueneza kwa sifongo, tabaka jembamba, akaongeza poda yenye rangi ya udongo mwekundu. Mwisho akamfunga kitambala cha kichwani, satini nyekundu iliyoiva, akakishusha hadi kikafunika masikio. Mwanvua alifuata kila kopo kwa macho. Lile dogo lisilo na jina, mbona alilifunga haraka?

Gaston, mpiga picha, alianza na mlangoni, bila flashi. Picha ilikuwa nzuri kiasi kwamba Mwanvua alitaka kucheka. Wakaingia ndani, wakashusha pazia. Flashi ikawaka.

Gaston alitazama kioo cha kamera akapiga mluzi. "Ee! Bibi arusi, sura yako iko Ulaya, shingo imebaki Kasongo."

Uso ulikuwa mweupe kama wa mtu aliyeanguka kwenye unga wa muhogo. Chini yake shingo ilikuwa ya kahawia vilevile, na kitambala kilichokuwa kimeiva sasa kiliwaka kama pilipili.

"Geuza flashi, ipige ukuta," Hidaya akasema. Gaston akageuza, weupe ukapungua. Akairudisha mbele, weupe ukarudi.

"Poda yangu haifanyi hivi." Alijipaka rangi na poda kwenye mkono wake mwenyewe, Gaston akaupiga picha. Mkono ulitoka kahawia, sawa na ulivyo.

Mwanvua aliona, lakini moyo wake ulisema: je, ni kopo lile lile?

"Rudi nyumbani hivyo hivyo," Hidaya alimwambia. "Usinawe. Kula, cheza, kaa karibu na makaa ya mbabula. Jioni tutaona nini imebaki. Na wewe Gaston, hiyo ya mlangoni usiifute."

"Kwa nini isifutwe?" Mwanvua akauliza.

"Kesho mutu akisema niliharibu sura yako, niwe na ya kuonyesha."

Kwa hiyo naye ana wasiwasi, Mwanvua aliwaza njiani. Mtu safi anaogopa nini?

Nyumbani, shangazi Amisa aliikodolea macho ile picha nyeupe, ambayo Gaston alikuwa ameituma kwenye telefone ya Mwanvua, na hasira yake ilikaribia kuwa furaha.

"Nilisema! Nilisema ama sikusema? Amekufanya maiti! Alasiri hii ninaenda kwake, halafu mama ya Iliasi atapata habari, na soko yote itapata. Tuone nani atamuita tena."

Mwanvua aliingia jikoni. Alipika karibu na makaa, akala, akacheza peke yake chumbani. Rangi ilianza kukusanyika pembeni mwa pua kama maziwa yaliyokatika. Kitambala nacho, satini juu ya nywele zilizopakwa mafuta, kiliteleza kwenda nyuma hadi masikio yakatoka nje. Alijipiga picha kwa flashi ya telefone ili shangazi aone ubaya wote.

Akaikuza picha. Masikio yalikuwa meupe.

Aliyatazama kwa muda mrefu. Hidaya hakuyagusa masikio yake, aliyafunika tu. Wala rangi haikufika huko wala poda.

Alichukua tyubu, akakamua kilichobaki, akapaka mgongo wa mkono wa kushoto. Wa kulia akauacha mtupu. Kwa macho, mikono ililingana. Akaiweka pamoja gizani chini ya meza, telefone ikiegemea kikombe, flashi ikawaka. Mmoja ulikuwa mkono wake. Mwingine ulikuwa kama wa mtu aliyepaka chokaa.

"Mwanvua! Nimevaa, twende!" shangazi aliita.

Njia nzima Amisa alisema peke yake. Walipofika, Hidaya alikuwa anaosha brashi, Gaston amekaa kizingitini akila karanga.

"Umekuja kutazama kama imedumu," Hidaya alisema.

"Nimekuja kukuuliza mutoto wangu alikukosea nini," Amisa akajibu. "Iliasi alikuacha, hilo si kosa yake huyu."

"Aliniacha?" Hidaya aliweka brashi chini. "Mama, mimi ndiye nilikataa. Niende Kabambare nikae huko, na ile barabara ya mashimo? Mugongo ni wangu."

Gaston akapaliwa na karanga.

"Uongo!" Amisa akasema.

"Shangazi," Mwanvua alisema. Sauti yake ilitoka ndogo. "Ni mimi. Nilipaka krimu yangu chini ya rangi." Akatoa telefone, akawaonyesha masikio, kisha mikono miwili.

Gaston alisogea, akaangalia, akatikisa kichwa. Amisa aliishika telefone karibu na macho, kisha mbali, kama anayetafuta njia ya kutokea.

"Nilikuuliza," Hidaya alimwambia Mwanvua.

"Nilikuogopa, yaya."

"Nilijua umepaka kitu. Nilidhani unataka iharibike ili mupate neno la kusema juu yangu." Alimwaga maji ya brashi nje, akarudi na beseni safi na sabuni. Alimnawisha mwenyewe, mara mbili, hadi nyuma ya masikio, bila upole na bila ukali. Kisha akapaka upya na kufunga kitambala juu ya utepe wa pamba ili kisiteleze. Gaston akashusha pazia.

Flashi ikawaka. Uso na shingo vilikuwa vya mtu mmoja. Kitambala bado kilikuwa chekundu kupita kiasi.

"Kwa hicho kitambala nitaigeuza flashi, ipige ukuta," Gaston alisema.

"Sasa sikiliza," Hidaya alisema. "Kabambare utakuja kwangu na uso mutupu. Kama bado unaniogopa, sema leo, nitabaki Kasongo, na sitasema neno mbaya juu yako."

Mwanvua alitafuta ndani yake ile hofu. Ilikuwapo bado, kidogo, pale pale ilipokuwa asubuhi.

Amisa alifungua mdomo. "Tutafikiri kwanza na—"

"Utakuja, yaya," Mwanvua alisema. "Shangazi, yeye ndiye atakuja."

Hidaya hakutabasamu. Alichukua pini, akaibana kwa meno, akaanza kurekebisha pindo la kitambala upande wa kushoto.